Buti za winta: namba za joto zinasema nini, na kwa nini hazikwambii chochote kuhusu kuteleza

Kila ikifika mwezi wa kumi yale magrupu ya WhatsApp ya watu wanaokuja Canada yanaanza ule ubishi wa buti. Mmoja anasema nunua yoyote ilioandikwa -40 umemaliza, mwingine anasema hapana angalia gramu, mwingine anatuma picha ya buti za njano za ngozi alizoziona Kariakoo anauliza hizi zinatosha, na anatokea wa nne anasema yeye kavaa buti ya bei mbaya na bado kaanguka mbele ya stendi ya basi mchana kweupe. Wote wanaongea kama vile wanaongelea kitu kimoja kumbe ni vitu viwili tofauti kabisa. Kuna buti kuhifadhi joto la mguu, na kuna soli kushika barafu. Vinapimwa tofauti, vinaandikwa tofauti kwenye lebo, na buti inaweza kuwa hodari kwa kimoja ikawa hovyo kabisa kwa kingine.

Mimi naongelea Winnipeg maana ndio mji ninaoujua na waswahili tupo wa kutosha huku. Usiku wa January wastani unakaa kwenye -20 na kitu hivi, na zipo asubuhi za -30 ambazo hakuna mtu anaeshangaa. Ukienda Toronto baridi ni nafuu ila maji ya kuganda na kuyeyuka ni mengi zaidi, kwa hio shida inahama toka kwenye joto kuja kwenye kuteleza. Hilo lishike, tutalirudia.

Tuanze na joto. Buti yenyewe haitengenezi joto lolote, joto linatoka kwenye damu yako, kazi ya buti ni kulizuia lisitoke haraka. Na kinacholizuia ni hewa iliotulia katikati ya nyuzi za kile kitambaa cha ndani. Fikiria godoro la sponji, likiwa jipya limejaa hewa, likishabonyea pale unapolala kila siku linakua kama mbao. Kitambaa cha ndani ya buti ni hivo hivo, kikibonyezwa hewa inatoka na baridi inapita. Kwa hio chini ya mguu ndio sehemu ngumu kuzuia baridi kuliko zote, maana juu ya mguu kitambaa kimekaa kimejaa vizuri lakini chini uzito wako wote umekikalia, na chini ya hapo kuna barafu ya -25. Ukisikia mtu anasema "buti ni nene lakini vidole vinauma" mara nyingi baridi inaingilia chini.

Sasa zile gramu. Ukiona imeandikwa 200g, 400g, 800g pembeni ya neno kama Thinsulate au PrimaLoft, hio sio uzito wa buti na wala haina uhusiano wa moja kwa moja na nyuzi joto. Ni uzito wa kipande cha kile kitambaa chenye ukubwa wa mita moja ya mraba. Kitambaa cha 400 kina nyuzi nyingi kwa eneo lile lile kuliko cha 200, kwa hio kinashika hewa zaidi. Namba hii inasaidia kulinganisha buti mbili zenye kitambaa cha aina moja, lakini ukichukua gramu za kampuni hii ukalinganisha na za kampuni nyingine yenye kitambaa tofauti, au na buti yenye felti, ile sufu nene iliobanwa pamoja, ambayo haiandikwi gramu kabisa, hapo unajidanganya tu. Kwa makadirio ya kawaida 200 inamfaa mtu anaetembea muda wote kwenye baridi ya wastani, 400 ni ya baridi kweli ila bado unatembea, na 800 hadi 1000 ni ya mtu anaekaa amesimama nje muda mrefu, mfano wale wanaovua samaki kwenye ziwa lilioganda. Kitu kingine, gramu hizo mara nyingi ziko juu na pembeni ya mguu tu. Chini kunaweza kuwa na kipande chembamba cha sponji, na lebo haitakwambia hilo.

Halafu ile -32 au -40 iliopigwa chapa kubwa kwenye boksi. Hii ndio inayowapoteza wengi. Hakuna sheria inayolazimisha viwanda vyote vya buti za kawaida kupima kwa njia moja. Kampuni moja inaweka buti kwenye chumba cha baridi na kupima joto linavyopotea, nyingine inavalisha watu, na karibu zote zinachukulia kwamba mvaaji anatembea. Ukisimama damu inapungua kwenye vidole, mwili unaanza kubana joto lake libaki kifuani, na ile -40 inakua -20 mbele ya macho yako. Mimi kanuni yangu, kama ni mtu wa kusubiri basi kituoni ongeza nyuzi 15 hadi 20 kwenye namba ya boksi kabla hujaiamini, yani -40 ihesabu kama -25 au -20. Sio sayansi ya maabara hio, ni tahadhari, lakini sijaona imemponza mtu.

Buti za kazini ni habari tofauti kidogo. Kiwango cha Ulaya cha buti za usalama kina alama ya CI, maana yake buti imewekwa kwenye baridi ya -17 kwa nusu saa na joto la ndani halikushuka zaidi ya nyuzi 10. Ni kipimo halisi, kinaaminika, lakini soma tena uone kinachosema: nusu saa, -17. Kama ghala unalofanyia ni friza na unakaa humo masaa manne, CI peke yake sio jibu.

Kuna uongo mmoja unaouma watu wengi zaidi ya huo wa namba, nao ni wa soksi tatu. Mtu anatoka nyumbani na soksi tatu za pamba ndani ya buti ilioingia kwa kusukuma, anaamini yuko salama. Kabana hewa yote ikatoka, kabana na mishipa damu haifiki kwenye vidole, na pamba ikishaloa jasho inakaa na maji na maji yanabeba joto kulitoa nje. Soksi moja nene ya sufu inatosha, ukitaka weka nyembamba sana ya nailoni au sufu ndani yake basi. Na buti iache nafasi vidole vicheze. Kama huwezi kukunja na kukunjua vidole ukiwa umefunga kamba, hio buti ni ndogo hata kama namba yake ni namba yako ya siku zote.

Sasa tuje kwenye kuteleza ambako kwa maoni yangu ndiko kwenye hatari kubwa, maana baridi inakupa onyo, unaanza kuumwa na unakimbilia ndani, barafu haikupi onyo.

Kitu cha kwanza kujua ni kwamba theluji na barafu sio kitu kimoja kwa soli. Theluji ni laini, soli yenye meno marefu inachimba inapata pa kushika. Barafu ngumu haichimbiki. Yale meno makubwa yanayoonekana ya kutisha yanasimama juu yake kwa ncha tu, na raba inayogusa barafu inakua kidogo. Ndio maana buti ya kupandia mlima inaweza kukupeleka vizuri kwenye theluji ya magotini halafu ikakuangusha kwenye sehemu ya kupaki magari. Kwenye barafu unahitaji raba laini, eneo kubwa linalogusa, na mikato midogo midogo mingi.

La pili, raba inabadilika na baridi. Kuna raba ambazo dukani kwenye nyuzi 20 ni laini unaminya na kucha inaingia, ukizitoa nje kwenye -20 zinakakamaa kama plastiki ya ndoo. Zile soli za plastiki za bei rahisi ndio mabingwa wa tabia hio. Kujaribu ni rahisi, ukishanunua na risiti bado unayo, weka buti kwenye friza usiku kucha (friza ya kawaida ni -18) asubuhi itoe ukunje soli kwa mkono na uiminye kwa kucha hapo hapo. Ikiwa imekua mbao irudishe.

La tatu, na hili watu hawaamini mpaka liwakute, barafu ya -25 haitelezi sana kama barafu ya karibu na sifuri. Karibu na sifuri juu yake kuna utando wa maji, na raba juu ya maji juu ya barafu haina pa kushika kabisa. Kwa hio siku za kuvunjika viuno huku sio zile za baridi kali January, ni November na March, mchana theluji inayeyuka, usiku inaganda, asubuhi kijia chote kinang'aa. Mji wa Calgary, wao wana ule upepo wa joto unaoitwa Chinook, unakuja katikati ya winta unayeyusha kila kitu kwa siku moja halafu baridi inarudi, kwa hio wao wanapata hizo siku hata mwezi wa kwanza.

Je kuna alama ya kukwambia soli inashika barafu? Ipo, lakini sio ile unayodhani. Maneno yanayosema soli haitelezi kwenye mafuta, au alama za SRA, SRB, SRC na hii mpya ya SR kwenye buti za usalama, hizo zimepimwa kwenye kigae chenye maji ya sabuni na sehemu zenye mafuta ya glaiserini. Ni za jikoni na kiwandani. Hakuna barafu kwenye kipimo hicho. Mtu anaona "haitelezi" anafurahi, anatoka nje anakwenda chini, na wala lebo haikumdanganya, ilikua inaongelea sakafu nyingine.

Waliopima barafu kweli ni taasisi ya utafiti ya KITE iliopo Toronto, iko chini ya hospitali ya urekebishaji ya Toronto Rehab. Wana chumba ambacho sakafu yake ni barafu na chumba chote kinainamishwa. Wanamvalisha mtu buti, wanamfunga mkanda wa usalama kwenye dari asiumie, anatembea kupanda na kushuka huku wanaongeza mwinamo kidogo kidogo mpaka anateleza. Wanafanya kwenye barafu kavu na kwenye barafu yenye maji juu. Buti ikihimili nyuzi 7 za mwinamo kwenye zote mbili inapata chapa ya picha moja ya theluji, ikizidi inapata mbili au tatu. Nyuzi 7 ni kama unapanda sentimita 12 kwa kila mita moja, karibu na ule mteremko mdogo wa kutoka kwenye kijia cha miguu kuingia barabarani. Yani wanauliza swali la chini kabisa: je mtu ataweza kuvuka barabara? Matokeo yao ya kwanza yalitoka 2016, walipima buti 98, na zilizofaulu hazikufika moja kati ya kumi. Zilizofaulu zilikua na soli zilizochanganywa na chembe ngumu ndani ya raba, Vibram Arctic Grip na Green Diamond, ambazo zinakwaruza barafu kama msasa wakati raba inalala juu yake. Orodha yao inaendelea kuongezwa na unaiona bure kwenye ratemytreads.com, unaandika jina la buti unaona chapa zake.

Ila nayo ina mipaka yake. Theluji tatu haisemi chochote kuhusu joto. Na zile chembe zinalika na lami, mtu anaevaa buti hio hio toka October mpaka April kwenye vijia vikavu anazimaliza, halafu winta ya pili anashangaa mbona sasa nateleza. Ukipitisha kidole kwenye soli ukaona yale maeneo yenye ukwaruzo yamekua laini kama raba nyingine, kazi yake imeisha hata kama juu buti inang'aa.

Tuchukue mfano wa mtoto wa shangazi yangu, anatoka Mwanza, amepata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea hapa Winnipeg, alikua anafika mwanzoni mwa January. Akanitumia picha tatu. "Dada shikamoo, nichukue ipi kati ya hizi, nataka moja tu hela yenyewe unaijua." Ya kwanza buti fupi ya ngozi, 200g, boksi limeandikwa -32, nzuri sana kwa macho. Ya pili ile nzito ya chini raba juu nailoni, ndani ina kiatu cha felti kinachotoka chote, imeandikwa -40. Ya tatu buti nyepesi yenye soli ya Arctic Grip, 200g, imeandikwa -25.

Nikamuuliza swali moja tu, siku yako ikoje. Anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, anatembea dakika sita, anasubiri basi, ambalo likichelewa kwenye baridi anasimama dakika 20, kisha anashukia karibu kabisa na mlango na kazini anavaa viatu vingine. Kwa hio muda wake mbaya ni kusimama, alfajiri, kwenye -25 au -30. Ile ya kwanza ukiipa ile tahadhari ya nyuzi 15 inabaki -17, haifiki. Ya tatu inabaki -10, nzuri kwa kutembea ila kwa kusimama alfajiri ya January atalia. Ya pili inabaki -25, na ina felti chini ya mguu pia, sio pembeni tu, na hilo ndilo lililoniamulia. Halafu kile kiatu cha ndani ukikitoa kinakauka. Nikamwambia chukua ya pili, na ile pesa iliobaki nunua zile spaiki za mpira za kuvalisha juu ya buti, uziweke kwenye mkoba kwa ajili ya siku za kuyeyuka na kuganda. Spaiki zinashika barafu kuliko soli karibu yoyote, sharti lake moja ukifika mlangoni unazivua, maana chuma juu ya vigae ni hatari kuliko barafu yenyewe, na mtu ameanguka ndani ya supamaketi wakati nje alipita salama.

Angekua anakwenda Toronto ningemwambia ya tatu bila kufikiria mara mbili. Baridi yake inavumilika na soksi nzuri, na huko kila wiki kijia kinayeyuka na kuganda.

Saizi tulipata nayo kazi kidogo maana yeye anajua namba za huko na huku wanatumia za Kimarekani, buti ya kike ya 38 inaweza kuandikwa 7 au 7 na nusu inategemea kampuni. Nikamwambia simama kwenye karatasi jioni mguu ukiwa umejaa, umevaa soksi ya sufu, chora, pima kisigino mpaka kidole kirefu. Ikatoka sentimita 24 na nusu. Ongeza moja mpaka moja na nusu, tafuta buti yenye urefu wa ndani wa 25.5 hadi 26, achana na namba.

Akauliza basi si ninunue tu mtumba huku nije nazo. Kwa soksi na makoti sina neno, mtumba mzuri upo. Kwa buti nina hofu mbili. Raba ikizeeka inakakamaa hata kama haijavaliwa. Na soli nyingi nyepesi za katikati zimetengenezwa kwa polyurethane ambayo unyevu wa hewa unaila taratibu miaka ikipita, na kwetu kuna unyevu wa kutosha. Buti inaonekana mpya kabisa, unaivaa siku mbili, soli inamomonyoka vipande vipande barabarani. Kama utanunua, ikunje soli kwa nguvu, angalia nyufa kwenye mkunjo, bonyeza soli ya katikati kwa dole gumba, ikibaki na shimo au ikitoa unga achana nayo. Kwa safari yenyewe raba za kawaida na soksi ya sufu zinakufikisha toka eapoti mpaka kwenye gari, buti nunua ukishafika unazijaribu mguuni.

Na ukishaivaa wiki ya kwanza isikilize. Vidole vikiuma na juu ya mguu pana joto, baridi inatoka chini au umebana mbele, weka soli ya ndani ya felti kama nafasi ipo, kama haipo badilisha saizi. Mguu wote ukiwa wa baridi na ukivua soksi ina unyevu, tatizo ni jasho, ulivaa buti ile ile ndani ya basi lenye hita na dukani halafu ukatoka nayo nje. Toa felti kila usiku, isimamishe chumbani ikauke yenyewe, usiibandike juu ya hita maana gundi inaachia na felti inasinyaa.

Vidole vikiacha kuuma ghafla na kufa ganzi usifurahi, hapo ndipo pa kuingia ndani popote palipo karibu. Kwenye ngozi yetu usitafute ule wekundu unaoonyeshwa kwenye mabango, tafuta ngozi kupauka rangi ya majivu na kuwa ngumu. Usisugue na usiweke karibu na moto, tumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mtu mwingine ameyapima kwa kiwiko maana wewe wakati huo huhisi, na kama rangi haijarudi nenda hospitali siku hio hio.